Kutoka Silaidi 38 Hadi Dokezo la Kurasa Mbili

Silaidi ya mwisho ya uchambuzi wa soko karibu kila mara huwa ni jedwali. Kushoto zimepangwa njia tatu au nne ambazo biashara inaweza kufuata, juu vimeandikwa vigezo, na katikati kuna rangi: kijani, njano na nyekundu. Mshauri aliyeandaa kazi hiyo hushukuru kwa usikivu, taa huwashwa, na watu wanaotakiwa kutoa fedha hubaki wakitazamana. Wameelezwa mengi kuhusu soko, lakini hawajaambiwa wafanye nini. Mwenyekiti akiuliza, "Sasa nyinyi wenyewe mnasemaje?" hujibiwa kwamba kila njia ina faida na changamoto zake.

Baada ya hapo kazi humwangukia mtu wa ndani, awe meneja, mhasibu au ofisa mipango. Anaambiwa aandike dokezo la uamuzi kwa ajili ya kikao kijacho. Wengi huanza kwa kufupisha. Hufungua silaidi ya kwanza, wakaigeuza kuwa aya, wakaenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, na mwishoni huongeza sentensi ya kupendekeza ile njia iliyopata kijani nyingi. Mkubwa akilisoma dokezo la namna hiyo anajikuta palepale alipokuwa kwenye kikao, ila safari hii bila picha.

Ninaamini kosa liko kwenye swali wanalolijibu. Uchambuzi wa soko hujibu swali la soko likoje. Dokezo la uamuzi hujibu swali jingine: sisi, kwa fedha tulizonazo na mashine tulizonazo, msimu huu tufanye lipi? Kati ya maswali hayo mawili kuna hesabu ambayo mara nyingi haimo kwenye silaidi yoyote, kwa sababu mshauri hakuombwa kuifanya. Mwandishi wa dokezo lazima aifanye mwenyewe, na mpaka aifanye hana cha kuandika.

Tuchukue kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Kiwanda hiki ni cha mfano, na takwimu zake nimezipanga mimi ili hesabu ieleweke, lakini hali yake ni ya kawaida kwa wakamuaji wa Singida na Dodoma. Mavuno huanza kuingia karibu na Mei, wakulima huuza wakiwa na shida ya fedha, na bei huwa chini. Miezi inavyosogea alizeti hupungua mitaani na bei hupanda. Wakamuaji wengi mashine zao husimama sehemu kubwa ya mwaka, wakati mafuta yanatafutwa sokoni, kwa kuwa mwenye mashine ameishiwa fedha ya kununulia alizeti.

Kiwanda chetu kinaweza kukamua lita 1,000 kwa siku. Kwa alizeti nzuri, kila kilo 100 hutoa takriban lita 30 za mafuta, na kinachobaki ni mashudu ambayo huuzwa kwa wafugaji. Kiwanda hufanya kazi siku 270 kwa mwaka. Bodi imetenga shilingi milioni 90 kama mtaji wa mzunguko, na benki imeshasema haitaongeza mwaka huu. Mshauri wa masoko ameleta silaidi 38 zenye njia tatu.

Njia ya kwanza ni kujaza mafuta kwenye chupa za lita moja na lita tatu, zenye lebo ya kiwanda, na kuyapeleka kwenye supamaketi za Dodoma na Dar es Salaam. Gharama yote kwa lita, chupa na lebo zikiwemo, ni shilingi 5,000. Supamaketi itanunua kwa 5,900, kwa hiyo faida ni shilingi 900. Njia ya pili ni kujaza madumu ya lita 20 na kuyauza moja kwa moja kwa maduka ya mtaani, mama lishe na wakaanga chipsi wa Dodoma mjini, kupitia stoo ndogo ya kupanga. Gharama ni 4,800 kwa lita, kodi ya stoo na usafiri vikiwa ndani, bei ni 5,300, na faida ni 500. Njia ya tatu ni kuuza palepale kiwandani kwa wafanyabiashara wa jumla wanaokuja na malori kutoka Dar es Salaam. Gharama ni 4,500, bei 4,700, faida 200. Katika njia zote tatu mapato ya mashudu yameshaondolewa kwenye gharama.

Jedwali la mshauri limeipa njia ya kwanza kijani karibu kila mahali. Faida kwa lita ni kubwa, wateja wa supamaketi wanaongezeka, jina la kiwanda linajengeka. Hakuna uongo hapo. Mtu akilitazama jedwali hilo kwa dakika tano atatoka akisema chupa ndiyo njia.

Mwandishi wa dokezo anaanza kazi yake kwa kuzisoma silaidi kwa namna tofauti na zilivyosomwa kikaoni. Anaacha vichwa vya habari, anatafuta masharti. Anasoma maandishi madogo ya chini, maelezo ya pembeni ya michoro, na viambatisho ambavyo mshauri alivipita haraka. Kila anapokutana na sharti linaloigusa fedha ya kiwanda, analiandika kwenye karatasi yake pamoja na namba ya silaidi. Katika kazi hii, silaidi ya 27 ina kichwa kinachosema "Supamaketi zinatafuta mafuta ya ndani yenye ubora". Mstari wake wa mwisho, kwa herufi ndogo, unasema malipo hufanyika siku 60 baada ya mzigo kupokelewa.

Silaidi zina tabia hii, na imewahi kugharimu zaidi ya fedha. Januari 2003, wakati chombo cha anga cha Columbia kikiwa angani, wahandisi waliwaonyesha maofisa wa NASA silaidi kuhusu kipande cha povu kilichokigonga chombo hicho wakati wa kuruka. Kichwa cha silaidi moja kilitoa picha ya kutuliza. Mstari wa chini kabisa ulieleza kwamba kipande hicho kilikuwa na ujazo wa inchi 1,920 za ujazo, wakati vilivyotumika kwenye majaribio vilikuwa na inchi 3 tu. Yaani kilichogonga kilikuwa kikubwa mara 640 kuliko chochote walichokijaribu, na ukweli huo ulikaa mahali ambapo jicho hufika likiwa limechoka. Columbia ilisambaratika ikirudi duniani tarehe 1 Februari 2003, na wote saba waliokuwemo walikufa. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huo, iliitaja silaidi hiyo na kuilaumu tabia ya kutumia silaidi mahali pa taarifa za kihandisi zilizoandikwa kikamilifu. Silaidi huruhusu jambo zito na jambo jepesi kukaa kwenye orodha moja kwa ukubwa uleule. Sentensi kamili hairuhusu hivyo kirahisi, kwa kuwa lazima iseme kipi kinasababisha kipi.

Turudi Singida. Siku 60 za kungoja malipo zina maana gani kwa kiwanda chenye milioni 90 na hakuna zaidi? Hapa ndipo hesabu ya mwandishi inapoanza. Anachukua kila njia na kuuliza: shilingi ikitoka leo kununua alizeti, itarudi mkononi baada ya siku ngapi?

Kwa njia ya supamaketi, kununua alizeti, kukamua na kujaza chupa kunachukua siku 10. Kukusanya mzigo, kungoja oda na kusafirisha kunachukua siku 20. Kisha siku 60 za malipo. Jumla ni siku 90. Kwa njia ya madumu, siku 10 za kukamua na kujaza, siku 5 za kufikisha Dodoma, siku 15 za kuuza na kukusanya fedha. Jumla ni siku 30. Kwa njia ya jumla, kiwanda kinahitaji siku 15 kukusanya mzigo wa kutosha, na mwenye lori hulipa kabla ya kuondoka.

Sasa mwaka wa kazi wa siku 270 unagawanywa kwa mizunguko hiyo. Milioni 90 kwa gharama ya 5,000 zinatoa lita 18,000 za chupa, na fedha inazunguka mara 3 kwa mwaka. Hiyo ni lita 54,000, na kwa faida ya 900 kila lita kiwanda kinapata shilingi milioni 48.6. Kwa madumu, mtaji uleule unatoa lita 18,750, unazunguka mara 9, na kufikisha lita 168,750. Kwa faida ya 500, ni milioni 84.4. Kwa jumla, mtaji ungeweza kuzunguka mara 18, lakini mashine haina uwezo huo. Kikomo chake ni lita 270,000 kwa mwaka, na kwa faida ya 200 kila lita ni milioni 54.

Njia iliyokuwa ya kwanza kwenye jedwali la rangi imekuwa ya mwisho, bila kubadilisha takwimu hata moja ya mshauri. Kilichobadilika ni kipimo. Mshauri alipima faida kwa lita, na kiwanda hiki hakijapungukiwa lita. Kimepungukiwa fedha, kwa hiyo kipimo chake cha haki ni faida ambayo kila shilingi ya mtaji inaleta kwa mwaka.

Mhasibu wa kiwanda akimpelekea mwenyekiti hesabu hii, mazungumzo yao yanaweza kwenda hivi.

"Mwanangu, mia tisa si kubwa kuliko mia tano?"

"Ni kubwa, Mzee. Ila mia tisa tunaipata mara tatu kwa mwaka. Mia tano tunaipata mara tisa."

"Na zile miezi za katikati, fedha ya supamaketi inakuwa wapi?"

"Inakuwa kwenye rafu zao, Mzee, na mashine yetu imesimama."

Jibu hilo la mwisho ndilo kiini cha dokezo zima. Ukiweza kulisema kwa sentensi mbili kwa mtu ambaye hakuziona silaidi, umeshapata sababu ya pendekezo lako. Ukishindwa, bado hujamaliza hesabu, hata kama umeshaandika kurasa sita.

Kila kiwanda, duka au chama cha ushirika kina kizuizi chake, na si lazima kiwe fedha. Kwa mwingine ni uwezo wa mashine, kwa mwingine ni leseni, kwa mwingine ni muda wa meneja mmoja anayeshika kila kitu. Mshauri wa nje mara nyingi hakijui kizuizi hicho, au anakijua na kukipa mstari mmoja kati ya vigezo kumi. Ndiyo maana siliamini sana jedwali la alama, lile ambalo kila kigezo hupewa uzito, njia hupewa alama, na jumla hutangaza mshindi. Ukuaji wa soko ukipewa asilimia 20, faida kwa lita asilimia 20, jina la bidhaa asilimia 15 na masharti ya malipo asilimia 5, uamuzi umeshafanywa na aliyepanga asilimia hizo, na wala hakueleza kwa nini. Alama nzuri za jina la bidhaa haziwezi kununua gunia la alizeti mwezi Agosti. Kizuizi cha kweli hakijumlishwi na vigezo vingine, kinatangulia na kuamua kipi kinawezekana.

Baada ya kupata jibu, mwandishi makini analigeukia na kujaribu kulivunja. Hatua hii huruka wengi, na ndiyo inayolipa dokezo uzito mbele ya bodi. Anatafuta takwimu ambayo ikisogea kidogo pendekezo linaanguka, na kwa njia ya madumu takwimu hiyo haiko mbali. Anayemfahamu mwenye duka la mtaani anajua kwamba baada ya ununuzi wa pili ataomba mkopo. "Nitakulipa wiki ijayo" ikisemwa na nusu ya wateja, siku 15 za kukusanya fedha zinakuwa 30. Mzunguko wote unafika siku 45, fedha inazunguka mara 6, na faida inashuka hadi milioni 56. Hapo tofauti na kuuza jumla kiwandani imebaki milioni mbili, na usumbufu wa stoo na madeni hauna malipo. Mzunguko ukifika siku 60, faida inakuwa milioni 42, chini ya njia zote nyingine.

Takwimu ya pili ni bei ya alizeti. Kwa kuwa lita moja huhitaji takriban kilo 3.3, kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye kilo hupandisha gharama ya lita kwa karibu shilingi 330. Ikitokea hivyo na bei ya mafuta isisogee, kuuza jumla kunakuwa hasara tupu. Madumu yanabakiwa na shilingi 170 tu kwa lita, sawa na milioni 27 kwa mwaka, na chupa zenye faida pana zaidi zinafikia milioni 29. Hapa njia ya supamaketi inapata hoja yake ya kweli, na dokezo la haki litaiandika hoja hiyo waziwazi. Kisha litaeleza kwa nini bado haitoshi: bei ya dumu mtaani unaweza kuibadilisha wiki ileile alizeti inapopanda, wakati bei mliyokubaliana na supamaketi hungoja mazungumzo mapya. Aidha, kodi za mafuta yanayoingizwa kutoka nje hupangwa upya kwenye bajeti ya Juni, wakati alizeti inaingia sokoni, na zikishuka bei ya mafuta ya ndani nayo hushuka. Uwezo wa kubadilisha bei haraka una thamani kubwa mwezi kama huo.

Takwimu ya tatu haitoki kwenye kikokotoo. Lita 168,750 ni madumu zaidi ya 31 kila siku ya kazi. Ikiwa mteja mmoja huchukua dumu moja kwa wiki, kiwanda kinahitaji wateja wasiopungua 200 wa uhakika. Silaidi zinasema Dodoma ina maduka na vibanda vingi vya chakula, lakini wingi wa vibanda hauonyeshi kama 200 kati yao watanunua kwako, kwa bei yako, na kulipa. Kabla ya kuandika neno "tunapendekeza", mtu atoke ofisini na madumu 60, ayapeleke Majengo, Sabasaba na mitaa mingine, aandike kwenye daftari nani alinunua, nani alilipa taslimu, nani aliomba mkopo na wa siku ngapi. Wiki mbili za daftari hilo zinaweza kuipa bodi kitu ambacho silaidi 38 hazikuwa nacho. Wateja wengi wakionekana wa mkopo, pendekezo libadilike kabla halijafika mezani.

Sasa ndipo kuandika kunaanza, na kuandika kwenyewe ni sehemu fupi. Aya ya kwanza hubeba jibu, kiasi cha fedha, sababu kuu na hatari kuu. Barbara Minto, aliyewafundisha washauri wa McKinsey kuandika, alijenga mafundisho yake juu ya kanuni hii ya kutanguliza jibu na kuziweka sababu chini yake. Kwa kiwanda chetu, aya hiyo inaweza kusomeka hivi:

"Tunaomba Bodi iidhinishe kuuza mafuta kwa madumu ya lita 20 moja kwa moja kwa wauzaji wa Dodoma kuanzia msimu huu, kwa kutumia mtaji wa shilingi milioni 90 uliokwisha kutengwa. Njia hii inakadiriwa kuleta faida ya milioni 84 kwa mwaka, dhidi ya milioni 54 za kuuza jumla kiwandani na milioni 49 za supamaketi, kwa sababu fedha zetu hurudi kila baada ya siku 30. Hatari kubwa ni mikopo ya wateja. Mzunguko ukifika siku 45, faida inakaribia kuwa sawa na ya kuuza jumla."

Mjumbe aliyechelewa na kusoma aya hiyo peke yake anaweza kupiga kura akiwa na ufahamu. Wengi huogopa kuanza hivi. Wamezoea kuanza na usuli: kiwanda kilianzishwa lini, uchambuzi uliagizwa na kikao gani, mshauri alitembelea mikoa mingapi. Yote hayo wajumbe wanayajua, na yakitangulia, pendekezo linatokea ukurasa wa nne msomaji akiwa ameshajijengea lake.

Aya zinazofuata zinaonyesha hesabu kwa jedwali moja tu lenye mistari mitatu, moja kwa kila njia, na safu nne: faida kwa lita, siku za mzunguko, lita kwa mwaka, faida kwa mwaka. Kila takwimu iliyotoka kwa mshauri ioneshe namba ya silaidi. Kila takwimu iliyotoka kwenye daftari la mtaani isemwe hivyo. Na kila makisio yaitwe makisio. Mjumbe mwenye mashaka atakwenda moja kwa moja kwenye siku 15 za kukusanya fedha na kuuliza zimetoka wapi. Ikiwa jibu liko palepale kwenye karatasi, mjadala unaendelea. Likikosekana, kila takwimu nyingine inaanza kutiliwa shaka.

Njia zilizokataliwa zinastahili aya moja kila moja, na aya hiyo iandikwe ili hata anayeipenda njia hiyo akubali kwamba hoja yake imesemwa vizuri. Kwa supamaketi, mwandishi atasema kwamba chupa yenye lebo hujenga jina, hufungua masoko ya mbali, na hustahimili vizuri zaidi alizeti inapopanda. Kisha ataeleza kwamba ingehitaji mzunguko wa chini ya siku 52 ili ilingane na madumu, na kwamba hata supamaketi ikikubali kulipa ndani ya siku 30, mzunguko wake ungekuwa siku 60. Takwimu hiyo moja inamsaidia mjumbe anayeipenda njia hiyo kujua ni lini arudi nayo: siku atakapompata mnunuzi wa chupa anayelipa mzigo unapofika, au benki itakapoongeza mtaji. Dokezo linaloiita njia iliyokataliwa "haifai" bila kusema kwa kiasi gani humlazimisha mpenzi wake kuitetea upya kila kikao.

Baada ya hapo huja sehemu ninayoithamini kuliko zote, masharti ya kurudi nyuma. Yanaandikwa kabla ya kuanza, wakati hakuna mtu mwenye aibu ya kulinda. Kwa kiwanda chetu ni mawili. Wastani wa mzunguko wa fedha ukizidi siku 45 kwa miezi miwili mfululizo, mauzo ya mkopo yanasimamishwa na mafuta yanauzwa jumla kiwandani mpaka bodi ikutane. Na faida kwa lita ikishuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi mzima, bodi inaitwa. Mwenye kupima anatajwa kwa cheo, hapa mhasibu, na siku ya kuleta taarifa inatajwa, tuseme tarehe 5 ya kila mwezi. Bila mtu na bila tarehe, sharti hilo halitafuatwa, kwa sababu madeni ya wateja hukua polepole na kila wiki huwa na maelezo yake.

Dokezo hufungwa na ombi lenyewe. Bodi inaombwa iidhinishe nini hasa? Kupanga stoo Dodoma kwa mwaka mmoja, kununua madumu ya kuanzia, kumwajiri muuzaji mmoja anayelipwa kwa fedha iliyokusanywa na si kwa mzigo uliotoka, na kuweka kikomo cha mkopo cha madumu mawili kwa mteja. Maombi hayo manne yana njia ya kujibiwa ndiyo au hapana. Nimesoma madokezo mengi yanayoishia na "kuimarisha mkakati wa masoko", na hakuna mjumbe anayeweza kulikataa wala kulitekeleza ombi la namna hiyo.

Unaweza kujua kwamba dokezo limeshindwa hata kabla ya kikao. Ukilifunika jina la njia iliyopendekezwa na aya zikasomeka vilevile kwa njia nyingine yoyote, basi sababu zilizotolewa si sababu. "Soko linakua", "wateja wanahitaji ubora" na "ushindani ni mkubwa" ni kweli kwa njia zote tatu, kwa hiyo hazichagui yoyote. Dalili nyingine ni urefu. Dokezo likivuka kurasa mbili au tatu kwa uamuzi wa ukubwa huu, kwa kawaida mwandishi amerudisha silaidi alizozionea huruma. Silaidi zote 38 ziambatishwe nyuma, jinsi zilivyo. Anayetaka ukubwa wa soko la Dar es Salaam atalipata huko.

Linabaki suala la jinsi bodi italisoma. Juni 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku silaidi kwenye vikao vya viongozi wa juu wa Amazon, na mahali pake zikaja karatasi zilizoandikwa kwa sentensi kamili, zisizozidi kurasa sita, ambazo wajumbe huzisoma kimya kikao kinapoanza. Utaratibu huo hauhitaji kampuni kubwa. Katibu wa bodi ya kiwanda chetu anaweza kugawa kurasa mbili, akatoa dakika 15 za kusoma bila mtu kuongea, kisha mwenyekiti akaanza na mjumbe asiyekubaliana. Dokezo likitumwa siku tatu kabla bila dakika hizo, wawili watakuwa wamelisoma, watatu watakuwa wamelitazama, na kikao kitaanza na mtu kuomba "atueleze kwa kifupi", ambapo masharti ya kurudi nyuma huwa ya kwanza kuachwa.

Ikiwa bodi itachagua njia nyingine, mwandishi hajapoteza kazi. Tuseme wajumbe wameamua kwenda supamaketi kwa ajili ya kujenga jina. Muhtasari wa kikao uandike kwamba wameona tofauti ya milioni 36 kwa mwaka na wameikubali kwa sababu hiyo, na masharti mapya ya kurudi nyuma yaandikwe siku hiyohiyo, safari hii yakihusu siku ambazo supamaketi inalipa kwa kweli. Mhasibu ataanza kuzihesabu mzigo wa kwanza ukishapokelewa.